Mchana Wake Si Wako

"Si uko nyumbani tu?"

Hiyo sentensi nimeisikia mara nyingi kuliko jina langu. Inasemwa na mtu yeyote anayepita kwetu saa nne asubuhi akamkuta dada yangu amelala. Dada ya kanisa inasema hivyo ikitaka mtu wa kupika kwenye mazishi. Wenzake wa chama wanasema hivyo wakitaka kikao kifanyiwe kwetu. Mimi mwenyewe nimeisema, na nitafika hapo. Dada yangu anaingia naiti kwenye kiwanda cha majani chai upande wa mpaka wa Kericho na Bomet. Anaingia saa moja jioni, anatoka saa moja asubuhi, usiku sita kwa wiki msimu ukichanganya. Yuko nyumbani mchana, ni kweli. Lakini mtu aliye nyumbani mchana kwa sababu amefanya kazi usiku hayuko nyumbani, yuko usingizini, na sisi wote tunamtoa huko kana kwamba tunamtoa kwenye uvivu.

Nataka kubishana na watu wawili. Wa kwanza ni yule anayemwambia mfanyakazi wa usiku "jipange", kana kwamba tatizo lake ni daftari. Wa pili ni yule anayesema ratiba haiwezekani kabisa, kwamba naiti ni naiti, utalala ukifa. Ratiba inawezekana. Tumeitengeneza kwetu na inafanya kazi. Ila si mfanyakazi anayeishika peke yake. Inashikwa na kila mtu anayeishi chini ya mabati yale, na inavunjwa na watu ambao hawajui kama wanaivunja.

Kwanza tuelewane kwa nini kiwanda hakilali, maana kuna watu Nairobi wanaodhani ni ukatili tu wa meneja. Majani yanachumwa mchana. Lori linazunguka vituo vya kununulia kuanzia adhuhuri, na la mwisho linaweza kuingia kiwandani usiku. Jani likifika halisagwi papo hapo. Linatandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zinapuliza hewa kutoka chini, linanyauka kwa saa nyingi, mara nyingi zaidi ya kumi, mpaka lilegee na kupoteza sehemu ya maji yake. Ndipo liende kwenye mashine za kukata, halafu liachwe lichache hadi rangi igeuke kutoka kijani kuwa shaba, halafu liingie kwenye draya. Jani lililorundikwa linapata joto na kuharibika. Lililochacha kupita kiasi haliwezi kurudishwa. Kwa hiyo jani la leo mchana linakuwa kazi ya leo usiku na kesho alfajiri, na kuanzia mvua za Machi mpaka Juni, tena Oktoba mpaka Desemba, linakuja kwa wingi. Mtu lazima awe macho. Sibishani na hilo. Nabishana na kile tunachomfanyia huyo mtu akishatoka getini.

Mimi nilijua hayo yote kwa kuyaona. Nilipoacha chuo nilirudi nyumbani na laptopu na deni, nikaanza kuandika vitu vya kulipwa kwa neno. Nikawa mtu mwingine aliye nyumbani mchana. Dada akirudi, mimi ndiyo naamka. Nikikwama na kitu, namgongea mlango. "Dada, kitambulisho cha mama kiko wapi?" "Dada, tokeni zimeisha, unatuma?" Kila swali lilikuwa la dakika moja. Sikujua kwamba usingizi haukatwi kwa dakika moja. Ukimwamsha mtu saa nne asubuhi, mwili wake unaoamini kuwa ni mchana unakubaliana na wewe, na kurudi kulala kunamchukua nusu saa, pengine asirudi kabisa.

Hebu nikuonyeshe wiki moja ya Mei, kabla hatujabadilisha chochote. Anafika saa moja na dakika arobaini. Anasema, acha nimalizie haya kwanza ndiyo nilale vizuri. Anafua. Anapeleka kuni kwa mama. Ofisi zinafunguliwa saa mbili, kwa hiyo anapanda boda kwenda mjini kufuatilia karatasi ya mtoto, anapanga foleni, anarudi saa tano. Anakula ugali mkubwa kwa sababu ana njaa ya usiku mzima, analala saa sita akiwa na tumbo zito. Saa nane na nusu mvua inashuka. Kama hujawahi kuishi Kericho, jua kwamba huku mvua ni ya alasiri. Asubuhi jua, adhuhuri mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, halafu inashuka kwa fujo, mara nyingi ikiwa na mawe. Mvua ya mawe juu ya mabati hakuna anayelala. Anaamka. Watoto wanarudi kutoka shule saa kumi, wanataka kula, wanataka kusainiwa daftari. Saa kumi na mbili na robo anaondoka. Hesabu usingizi wake: saa mbili na nusu. Alifanya hivyo siku tano.

Asubuhi ya siku ya sita alisinzia akiwa amekaa nyuma ya boda. Hakufunga macho akiamua kulala. Anasema alikuwa anaangalia mgongo wa jaketi la dereva, kisha alikuwa kwenye murram na kiwiko kinatoka damu, na kati ya hayo mawili hakuna kitu. Usingizi wa sekunde chache kama huo hauombi ruhusa. Dereva alikuwa anaenda polepole kwa sababu ya matope, na hilo tu ndilo lililomwokoa, maana nyuma yao lilikuwa lori la majani. Yule dereva alimwambia, "Mama, wewe uwe unalala." Dada alicheka. Alinisimulia akicheka. Mimi sikucheka, maana Jumanne ya wiki ile nilikuwa nimemwamsha mara tatu.

Tukakaa chini, dada, mama na mimi, na kalamu.

Tulianza na hesabu, kwa sababu hesabu haina aibu. Anaondoka nyumbani saa kumi na mbili na robo jioni na kurudi saa moja na dakika arobaini asubuhi. Hizo ni saa kumi na tatu na dakika ishirini na tano nje ya nyumba. Zinabaki saa kumi na dakika thelathini na tano. Mwili wa mtu mzima unahitaji usingizi wa karibu saa saba. Toa hizo, zinabaki kama tatu na nusu hivi za kuoga, kula, kwenda mjini, na kuwa mama wa watoto wawili. Ukiiweka hivyo kwenye karatasi unaona mara moja kwamba hakuna "muda wa mchana" wa kugawia watu. Mama aliangalia ile karatasi kwa muda mrefu. Yeye amelelewa kuamini kwamba anayelala jua likiwa juu ni mgonjwa ama ni mvivu. Akauliza, "Kwa hiyo huyu mtoto hana mchana kabisa?" Nikamwambia ana saa nne kasoro. Hapo ndipo alipokuwa upande wetu.

Ratiba yenyewe ni hii, na nitaeleza kwa nini kila kitu kimekaa pale kilipo.

Akitoka getini anavaa kofia yenye ukingo, anaishusha mpaka nyusi. Sisi tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo kila siku anarudi nyumbani akiwa ameelekea mwanga mkali. Mwanga ukiingia machoni asubuhi unauambia ubongo kwamba siku imeanza, na saa ya mwilini inajipanga kwa huo. Kofia haiondoi mwanga wote, lakini inaupunguza, na haina gharama. Akifika anaoga miguu na uso, anakunywa uji kikombe kimoja na kitu kidogo cha kutafuna. Uji tu, si ugali. Njaa isimwamshe, na tumbo lisifanye kazi ya ziada wakati yeye amelala. Saa mbili na robo yuko kitandani.

Hapo ndipo kuna kanuni kubwa kuliko zote: hakuna kufanya kitu kwanza. Nguo zitafuliwa baadaye. Ofisi itafunguliwa hata mchana. Kitanda kwanza, kwa sababu mbili. Moja, uzito wa usingizi alioubeba usiku kucha uko mwingi zaidi ile saa anayofika, na kila saa anayokaa macho mwili unazidi kuamka na mchana. Pili, mvua. Usingizi wa asubuhi unalindwa na hali ya hewa ya kwetu, ule wa alasiri unapigwa mawe. Analala mpaka saa saba na nusu. Hizo ni saa tano na robo, na kwetu tunaziita usiku. Hatusemi "dada amelala mchana". Tunasema "ni usiku wa dada", na watoto wamelishika vizuri kuliko watu wazima.

Usiku wa dada una vitu vyake. Ushauri wa mitandaoni unasema nunua pazia nene, lala kwenye chumba chenye ubaridi na utulivu. Sawa. Nyumba yetu ni ya vyumba vitatu na jogoo wawili. Tulichofanya ni kumhamisha kutoka chumba kinachopakana na jiko na kumpeleka kile cha nyuma, mimi nikachukua cha jiko. Dirisha tukaliziba kwa blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili na kupigiliwa juu na pembeni, kwa sababu pazia lisilogusa ukuta linaacha mstari wa jua unaotembea mpaka usoni. Redio ya mama ikahamia nje, upande wa ng'ombe. Simu ya dada inabaki kwa mama, imezimwa sauti. Na mlangoni tunatundika leso. Leso ikiwa nje, hakuna kubisha, hata awe nani. Mara ya kwanza mzee wa kanisa alipoikuta, mama alitoka akamkalisha kwenye benchi, akampa chai na mursik, akamwambia arudi saa nane. Alirudi saa nane. Hakufa.

Saa saba na nusu anaamka, anaoga, anakula chakula cha mchana cha kawaida, kile ambacho nyumba imekula. Kuanzia saa nane mpaka saa tisa ni muda wa shughuli, na shughuli ni moja kwa siku. Moja. Ama ni ofisi, ama ni soko, ama ni kliniki. Ofisi nyingi zimerudi kutoka mapumziko ya mchana saa nane, na foleni ya asubuhi imepungua. Kinachohitaji zaidi ya saa moja kinasubiri siku ya mapumziko, ama ninakifanya mimi. Hii ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu kwangu. Nilikuwa nimezoea kwamba kwa sababu naandika, kazi yangu inahitaji utulivu, na yeye anayesimama usiku kucha kando ya draya anaweza kwenda kulipa bili ya maji. Sasa bili ya maji ni yangu.

Saa tisa anarudi kulala kidogo, saa moja na nusu. Mvua ikija ya fujo, usingizi huo unaweza kupotea, na ndiyo maana hatuuwekei tegemeo kubwa. Siku njema unamfikisha karibu saa saba. Siku mbaya ana zile tano na robo, na zinamshikilia. Watoto wanafika saa kumi, wanaingia kwa kunyata, wanabadilisha sare, wanakula walichowekewa. Saa kumi na nusu msichana mkubwa, mwenye miaka tisa, anaenda kuondoa leso mlangoni na kumwamsha mama yake. Hiyo kazi ni yake na haazimi mtu. Nadhani ndiyo sababu leso imeheshimiwa: mtoto aliyepewa funguo hagongi mlango.

Kuanzia saa kumi na nusu mpaka saa kumi na mbili na robo ni jioni ya familia. Daftari zinasainiwa, nywele zinasukwa, ng'ombe anakamuliwa, na saa kumi na moja tunakula mlo mkubwa wa siku wote pamoja: kimyet, mboga za kienyeji, maziwa, nyama ikiwepo. Chakula cha usiku kinaliwa jua likiwa bado liko. Zamani dada alikuwa anabeba chakula hicho kwenye kontena na kula saa nane usiku kiwandani, kisha anashinda na kiungulia. Tumbo nalo lina saa yake. Usiku halipendi kazi nzito, na sukari ya chakula inakaa kwenye damu muda mrefu kuliko ingekaa mchana. Sasa anabeba kitu cha wastani: yai, ndizi, kipande cha chapati. Anakula kabla ya saa saba usiku na kufunga.

Kisha kuna chai. Kiwandani chai ipo, ni bure, na ni nzito. Watu wanaitegemea kama dawa, hasa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, ambapo joto la mwili liko chini kabisa na macho yanajifunga yenyewe. Lakini nusu ya kafeini uliyokunywa bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Chai ya saa kumi alfajiri bado inazunguka saa tatu asubuhi, ukiwa umelala chali unahesabu mabati. Dada anakunywa mbili za kwanza kati ya saa moja na saa sita, ya mwisho saa nane usiku, basi. Saa kumi ikimshika anasimama, ananawa uso kwa maji baridi, anazungumza na mwenzake. Anakubali kwamba ile saa ni ngumu na inapita. Na hapandi boda tena peke yake akiwa amechoka. Wanatembea kundi, ama wanapanda matatu.

Siku ya mapumziko yake ni Jumapili. Anatoka asubuhi ile ile, kwa hiyo analala saa tatu tu, anaamka kabla ya adhuhuri, anakaa na watu mchana, na usiku ule analala na nyumba nzima. Jumatatu anaamka taratibu, anafanya ile shughuli ndefu ya wiki, na saa tisa anarudi kitandani kabla ya kuingia. Ibada anaenda Jumapili moja na kuacha nyingine. Maneno yalisemwa. Mama aliyajibu.

Hii ndiyo ratiba. Imeshika msimu mzima. Sasa turudi kwa yule wa "jipange".

Ukiangalia vizuri, karibu hakuna kitu hapo juu ambacho dada angeweza kukifanya peke yake. Kofia na chai, ndiyo. Vingine vyote ni vya wengine: chumba nilichomwachia, redio ya mama, mguu wa mtoto anayenyata, mzee aliyekubali kurudi saa nane. Anayemwambia mfanyakazi wa usiku ajipange anamwomba alinde usingizi wake akiwa amelala. Hakuna anayeweza. Usingizi unalindwa na walio macho.

Na kuna walio macho ambao hawaishi kwetu. Wiki ya tatu ya ratiba yetu, kiwanda kiliita mafunzo ya usalama kazini. Saa nne asubuhi, kwa watu wa zamu zote. Wale wa mchana walitolewa kazini wakaenda. Wale wa usiku walitoka saa moja, wakasubiri saa tatu kwenye benchi, wakafundishwa hatari za uchovu kando ya mashine, wakarudi nyumbani saa saba, wakaingia tena saa moja jioni. Sitanii. Dada alisaini orodha ya waliohudhuria na macho yamefunga nusu. Wiki hiyo hiyo ratiba ya zamu ilibandikwa Ijumaa kwa ajili ya Jumatatu, na nusu ya watu wa usiku wakahamishiwa mchana kwa wiki moja, kisha warudi. Saa ya mwilini inasogea polepole, kama saa moja kwa siku ukiwa na bahati. Mtu unayemgeuza kila wiki hafiki popote. Anapokaribia kuzoea upande huu, unamvuta kule.

Na sheria? Nilikaa usiku mmoja nikasoma. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Vizuri. Halafu kuna ile amri ya jumla ya mishahara, inayosimamia wafanyakazi wengi ambao sekta zao hazina amri yao. Wiki ya kawaida ni saa 52. Lakini ya mtu wa usiku ni saa 60. Soma tena. Mtu wa mchana akifikisha saa 60, nane za mwisho ni ovataimu, analipwa mara moja na nusu. Mtu wa usiku akifikisha 60, hiyo ni wiki ya kawaida tu. Na ukijumlisha ovataimu, mwisho kwa wiki mbili ni saa 116 kwa wengine na saa 144 kwa mtu wa usiku. Gawanya 144 kwa usiku kumi na mbili, yaani usiku sita kwa wiki mara wiki mbili. Unapata saa kumi na mbili kila usiku. Yaani ile ratiba iliyomwangusha dada kwenye murram inaenea ndani ya mpaka huo bila kubakisha hata dakika.

Nadhani mantiki ya zamani ilikuwa kwamba kazi ya usiku ni ya kuketi. Bawabu na tochi yake. Labda kulikuwa na usiku wa namna hiyo. Lakini usiku wa kiwanda cha chai haujakaa hivyo: ni kusukuma, kufagia, kupima, kubeba, kusikiliza mashine. Na mwaka 2007 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani aliiweka kazi ya zamu za usiku kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, akathibitisha tena 2019. Kundi hilo halisemi hatari ni kubwa kiasi gani, na simtishi mtu. Ninauliza tu kwa nini mwili unaobeba zaidi ndio ulioandikiwa saa nyingi zaidi. Ukiwa kwenye majani chai, sekta yenu inaweza kuwa na makubaliano ya chama cha wafanyakazi yenye masharti yake. Mwombe mwakilishi wenu nakala, uangalie mstari wa saa za usiku kabla ya kuangalia mstari wa mshahara.

Nikiulizwa nataka nini, orodha yangu ni fupi. Saa za usiku zisizidi zile za mchana, na ovataimu ianze pale pale. Ratiba ya zamu ibandikwe wiki mbili kabla, na mtu akiwekwa usiku aachwe usiku kwa msimu, asizungushwe kila wiki. Mafunzo, vipimo vya afya na maswali ya mshahara ya watu wa usiku yafanyike saa kumi na mbili na nusu jioni kabla ya zamu, ndani ya saa zinazolipwa. Hakuna hata kimoja kinacholiharibu jani.

Kuna atakayesema watu wa naiti wamechagua wenyewe. Dada yangu alichagua karo. Kuna atakayesema mama zetu wameamka saa kumi alfajiri maisha yao yote na hawajalalamika. Kweli, na walilala saa tatu usiku, na hakuna aliyewagongea saa saba kuuliza kitambulisho kiko wapi.

Jana asubuhi mtu wa chama alikuja. Saa tatu na nusu, leso iko mlangoni. Nilikuwa nimekaa nje na laptopu. Akaniuliza, "Dada yuko?" Nikamwambia yuko. Akasema, "Basi mwite, si yuko nyumbani tu?" Nikamvutia kiti. Nikamwambia kwetu saa hii ni usiku wa manane, na kama ni jambo la kuweza kungoja, arudi saa nane. Kama ni la mchango, anipe mimi namba nitume. Akanitazama kama nimerukwa na akili, akakaa, akaanza kuongea kwa kunong'ona.